Nimepatana 15.5M kwa nyumba ya Buruburu, ripoti ya benki inasema 13.6M. Nisaidieni kuisoma

Msafiri_Jogoo

Wadau, habari za jioni. Ninanunua mezoneti ya vyumba vitatu vya kulala Buruburu Fezi 5 kwa mkopo wa benki. Mimi na mwenye nyumba tulipatana milioni 15.5. Benki inakopesha asilimia 80 ya bei tuliyopatana au ya thamani atakayoitoa mthamini, inachukua iliyo ndogo. Nilijipanga na milioni 3.1 zangu, nikajua 12.4 zilizobaki zinatoka benki.

Ripoti imerudi Ijumaa: thamani ya soko milioni 13.6. Kwa hesabu hiyo benki inatoa milioni 10.88, na mimi natakiwa kuleta 4.62. Pengo ni milioni moja na nusu ambayo sina. Mkataba wa mauzo bado uko kwa wakili, hatujatia saini.

Ripoti imejengwa juu ya nyumba tatu za kulinganisha. Nimeinakili kwa kifupi.

Ya kwanza iko safu moja na yangu, haina vyumba vya nyuma, iliuzwa milioni 12.9 miezi mitano iliyopita. Mthamini ameongeza laki sita kwa kuwa yangu ina vyumba vya nyuma, na laki tatu kwa kuwa jikoni yangu imefanywa upya. Inafika 13.8.

Ya pili iko safu ya tatu kutoka kwetu na ina vyumba vya nyuma. Iliuzwa 11.5 miezi 14 iliyopita. Ameongeza asilimia 3 kwa muda uliopita na laki sita kwa kuwa nyumba ile imechakaa. Inafika kama 12.4.

Ya tatu inatazama Mumias South Road na haijauzwa, inatangazwa 16.5. Ametoa asilimia 10 kwa ajili ya mapatano, kisha nusu milioni kwa kuwa ina nafasi ya duka barabarani. Inabaki 14.35.

Vyumba vya nyuma ninavyosema ni vitatu, na kila kimoja kinalipiwa kodi ya elfu tisa kwa mwezi. Hivyo ndivyo vilivyonifanya nikubali 15.5, maana vingenisaidia kulipa mkopo. Nionavyo mimi ripoti imevidharau. Nianzie wapi kuipinga?

---

Karanja_Mjengo

Pole sana ndugu. Hao wathamini wa benki hukandamiza bei makusudi ili benki ikae salama. Usikubali.

Piga hesabu ya kodi. Elfu 27 kwa mwezi ni 324,000 kwa mwaka. Mwekezaji anayetaka asilimia 8 atalipa zaidi ya milioni 4 kwa kodi hiyo. Yeye ameweka laki sita, hata kodi ya miaka miwili haijafika! Mwandikie barua umwonyeshe hesabu hii.

---

Mthamini_254

Msafiri, nimefanya kazi hii miaka 19, na sehemu kubwa ni ripoti za mikopo hapa Nairobi. Nakujibu kwa utaratibu, kwa sababu swali lako lina mambo mawili na umeyachanganya.

Kwanza angalia ripoti imeandikiwa nani. Ada umelipa wewe, lakini ukurasa wa kwanza una jina la benki, na lengo lililoandikwa ni dhamana ya mkopo. Barua ya malalamiko usimpelekee mthamini. Ipeleke kwa afisa wako wa mkopo, naye ndiye atamwomba mthamini aangalie upya. Mthamini akibadilisha ripoti kwa sababu mnunuzi amempigia simu, anahatarisha usajili wake kwenye Bodi ya Usajili wa Wathamini.

Pili, Karanja, hesabu yako ni sahihi kwa nyumba ya kupangisha. Jengo la vyumba ishirini Pipeline au Roysambu ningelithamini hivyo hivyo, kodi kwanza. Mezoneti ya Buruburu hununuliwa na watu wa kuishi. Ukitaka kujua vyumba vya nyuma vina thamani gani pale, chukua nyumba mbili zilizouzwa kwa karibu, moja inavyo na nyingine haina, uone wanunuzi walilipa tofauti ya kiasi gani. Mnunuzi wa pale anafikiria kelele, foleni ya maji, wageni wanaopita pembeni ya dirisha lake, na mwezi ambao chumba kimekaa kitupu. Akimaliza kufikiria hayo, anaongeza laki tano, sita, labda nane. Milioni nne hazilipi. Mara nyingi halipi hata zile pesa fundi alizotumia kuvijenga.

Kwa hiyo laki sita sioni kama ni dharau. Kinachonisumbua mimi ni nyumba ya pili. Zote tatu ni za mtaa mmoja na umbo moja, halafu moja inaangukia 12.4 hata baada ya kurekebishwa wakati mbili ziko karibu na 14. Nyumba hiyo ina jambo ambalo ripoti haikulisema. Thamani ya soko inasimama juu ya sharti kwamba muuzaji na mnunuzi hawana uhusiano, nyumba ilitangazwa muda wa kutosha, na hakuna aliyebanwa. Tafuta kujua ile iliuzwa na nani kwa nani.

---

Bi_Tausi

Samahani kuingilia kati. Ripoti ya nyumba yangu ya Donholm ilikuwa na mstari unaosema thamani ya mauzo ya lazima, na ilikuwa chini mno kuliko ile ya soko. Hiyo ina maana nikikosa kulipa miezi miwili mitatu benki itaiuza kwa bei hiyo? Nilitia saini bila kuuliza na sasa silali. Msafiri, yako inasemaje?

---

Msafiri_Jogoo

Yangu inasema milioni 10.2, dada. Na mimi nimeshtuka. Ya bima ni 7.1, hata hiyo sielewi kwa nini iko chini hivyo.

---

Mthamini_254

Bi Tausi, lala tu. 10.2 ni asilimia 75 ya 13.6. Wathamini wengi hapa huweka kiwango hicho, na hukosei ukihisi kuna desturi ndani yake kuliko kipimo. Mstari ule unaiambia benki kwamba ikilazimika kuuza haraka, kwa tangazo la muda mfupi, isitarajie bei kamili. Hiyo haijawa bei ya kuuzia nyumba yako.

Siku ikifika ya mnada (Mungu apishe mbali), ripoti ya leo haitumiki. Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 97, inaitaka benki ifanyiwe uthamini wa mauzo ya lazima kabla ya kuuza, na kanuni za madalali wa mnada zinataka uthamini usiozidi miezi 12. Kifungu hicho kinasema pia kwamba nyumba ikiuzwa kwa asilimia 25 au zaidi chini ya bei ya soko, mahakama itachukulia kwamba benki imekiuka wajibu wake mpaka ithibitishe vinginevyo. Nadhani ile desturi ya asilimia 75 imekaa pale pale kwenye mpaka kwa sababu hiyo. Na kabla ya kufika huko kuna notisi ya siku 90 ya kukutaka urekebishe malimbikizo, kisha nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza.

Ya bima ni gharama ya kuijenga upya ikiungua. Ardhi haiungui, kwa hiyo haimo. Kwa Buruburu ardhi ni sehemu kubwa ya bei.

---

Bi_Tausi

Mungu akubariki, kaka. Nilikuwa nimemwambia mume wangu tuuze gari tulipe mkopo wote.

---

Otieno_Fundi

Msafiri, bila shaka mthamini alikuja kukagua. Hivyo vyumba vya nyuma alivikaguaje? Mimi nimejenga hapo Buruburu nyongeza nyingi, najua kitu kimoja.

---

Msafiri_Jogoo

Alikaa kama dakika arobaini. Alipima nje kwa kamba, akapiga picha kila chumba, akafungua mfereji wa jikoni, akaangalia dari ya bafu. Kitu kilichonishangaza kilikuwa kwenye kile chumba cha katikati. Alipiga magoti akagonga vigae kwa vidole, kimoja kimoja, halafu akamuuliza mama aliyepanga kama kuna mfuniko chini ya kapeti. Mama akavuta kapeti na kweli ulikuwepo, wa chuma, umezungushiwa saruji. Akaupiga picha mara tatu. Wakati ule nilidhani ni tangi la maji.

---

Otieno_Fundi

Hicho ndicho nilichokuwa nauliza. Hilo si tangi. Ni shimo la kukagulia maji taka. Laini ya safu nzima inapita nyuma ya nyumba, na kila baada ya nyumba kadhaa kuna shimo la kuzibulia. Watu wakaongeza vyumba, wakapita juu yake. Likiziba kwa jirani wa chini, maji yanarudi kwenye chumba hicho. Mwaka juzi nilivunja sakafu ya mtu tuzibue, na mpangaji alikuwa na mtoto mchanga ndani. Harufu haikutoka wiki mbili.

Kwa kawaida pale juu haparuhusiwi kujengwa, maana ni njia ya maji taka. Kwa hiyo nauliza swali la pili. Hivyo vyumba vina ramani iliyopitishwa na kaunti?

---

Msafiri_Jogoo

Sijui. Nimerudi kwenye ripoti sasa hivi. Kuna ukurasa wa masharti na dhana, ule ambao niliuruka. Dhana ya nne inasema: tumechukulia kwamba majengo yote yaliyopo, pamoja na nyongeza, yamepata vibali vya mamlaka husika. Inaendelea kwamba mfuniko wa maji taka umeonekana ndani ya nyongeza na benki inashauriwa kuthibitisha.

---

Wakili_Mdogo

Sentensi hiyo ndiyo nzito kuliko zote kwenye ripoti yako. Milioni 13.6 imesimama juu yake. Dhana isipokuwa kweli, tarakimu nayo haina pa kusimama.

Mimi hushughulikia uhamisho wa nyumba, na watu wengi husoma ukurasa wa tarakimu tu. Mwambie wakili wako amtake muuzaji alete ramani iliyopitishwa ya nyumba ya awali na ya nyongeza, hati ya kumaliza kodi ya ardhi ya kaunti, na matokeo ya upekuzi wa hati kutoka Ardhisasa. Angalia pia miaka iliyobaki kwenye hati ya upangaji wa ardhi. Nyumba nyingi za pale ni za miaka 99, na benki haitakubali miaka iliyobaki ikaribiane na muda wa mkopo.

---

Msafiri_Jogoo

Miaka iliyobaki ni 52 na mkopo wangu ni wa miaka 20, hapo niko sawa. Upekuzi ni safi. Nitauliza ramani.

---

Karanja_Mjengo

Ndugu yangu, nakushauri kwa nia njema. Usiulize ramani. Buruburu nzima imejengwa nyongeza, nani ana ramani? Ukianza kufukua, benki itashusha thamani zaidi. Pambana na ile nyumba ya pili tu, thamani ipande, uchukue mkopo, maisha yaendelee.

---

Mthamini_254

Karanja, hapo tunaachana. Ni kweli kwamba nyongeza zimejaa na zenye ramani ni chache. Lakini mthamini ameshaandika kwamba mfuniko umeonekana, na benki imeshashauriwa ithibitishe. Msafiri akinyamaza, atakayebaki na vyumba hivyo na hatari yake ni yeye, benki ina ardhi na nyumba kubwa. Kaunti ikitoa notisi ya kubomoa, kodi ya elfu 27 inakatika na mkopo uko palepale.

Akiuliza, atajua anachonunua, na muuzaji naye atajua anachouza.

---

Kijana_wa_Rabai

Nimezaliwa Fezi 5, wazazi bado wako huko. Ile nyumba iliyouzwa 12.9 naijua. Muuzaji alimwambia baba yangu kwa mdomo wake kwamba alipokea 14. Kwenye karatasi waliandika ndogo ili kodi ipungue. Kwa nini mthamini atumie bei ya karatasi wakati mtaa mzima unajua ukweli?

---

Mthamini_254

Hilo ndilo linalotutesa kila siku. Kodi ya faida ya mauzo ilipanda kutoka asilimia 5 hadi 15 mwanzoni mwa 2023, na mnunuzi hulipa ushuru wa stempu asilimia 4 mjini. Wote wawili wana sababu ya kuandika kidogo. Mthamini wa serikali huikagua thamani kabla ya ushuru kulipwa, lakini haipati kila wakati.

Hata hivyo siwezi kuandika 14 kwa sababu mzee fulani alimwambia mzee mwenzake. Nikiitwa mahakamani nitasema nini? Ninachofanya ni kumpigia ajenti aliyeuza, na wakili akikubali kusema. Wakinipa bei moja na kuna hati ya malipo, naitumia na naandika nimeipata wapi. Wakisita, nabaki na ya kwenye rejista. Wenzangu wengine huongeza asilimia fulani kwa kila bei ya rejista wakiamini zote zimepunguzwa. Mimi sikubaliani nao, maana muuzaji aliyeandika ukweli unampandishia bei ambayo haikulipwa.

---

Kijana_wa_Rabai

Nimekuelewa, ingawa bado naona aliyeandika uongo ndiye anayepanga bei za mtaa wetu. Baba naye akiuza, nyumba yake italinganishwa na ile karatasi.

---

Mthamini_254

Ni kweli, na jibu la kukuridhisha sina.

---

Msafiri_Jogoo

Nina habari, nzuri na mbaya.

Ya kwanza ni kuhusu nyumba ya pili. Nilikwenda jioni nikabisha. Mama mmoja mzee wa jirani akaniambia nyumba haikuwahi kuwa na bango la kuuzwa. Ilikuwa ya marehemu baba yao. Kaka mkubwa alinunua mafungu ya dada zake wawili baada ya kesi ya mirathi ili abaki na nyumba. Hawakuingia sokoni kabisa.

Ya pili: muuzaji hana ramani ya vyumba vya nyuma. Amesema vilijengwa na fundi kwa awamu mbili, hakuna aliyekwenda kaunti. Wakili wangu amesema nimjulishe afisa wa benki yote mawili kwa barua moja. Nimefanya hivyo jana. Sikulala vizuri, lakini nimetuma.

---

Wakili_Mdogo

Umefanya sawa. Mkataba usiutie saini kabla jibu halijarudi. Na ukifika wakati wa saini, weka kifungu kinachokuruhusu kujitoa na kurudishiwa pesa yako ikiwa benki haitatoa kiasi mlichotegemea.

---

Mthamini_254

Ile ya mirathi mthamini angeweza kuiona. Kwenye rejista anayehamisha angeandikwa kama msimamizi wa mali ya marehemu, na anayepokea ana jina moja la familia. Mimi nikiona hivyo huiacha, au naitaja bila kuihesabu. Kuhusu nyumba hiyo, natumai barua yako imesema hilo tu, kwa heshima, bila kudai tarakimu yoyote. Mthamini akisoma "nataka 15.5", atakuona kama mtu anayenunua ripoti.

Nikuambie mapema usitarajie makubwa. Ukiondoa ya pili, unabaki na 13.8 kutoka nyumba iliyouzwa na 14.35 kutoka bei ya tangazo. Bei ya tangazo haijalipwa na mtu, kwa hiyo mimi ningeipa uzito mdogo, na asilimia 10 ya mapatano naiona ndogo kwa soko la sasa. Hapo tunazungumzia 13.9 hivi kama vyumba vina kibali. 15.5 haimo popote kwenye ushahidi.

---

Ajenti_Eastlands

Mimi ni ajenti na napinga kidogo. Asilimia 10 kwa Buruburu inatosha. Nyumba za pale zikitangazwa kwa busara huenda haraka na watu hawapunguzi zaidi ya hapo. Inategemea aliyetangaza. Kuna wanaotangaza 18 wakitaka 14, hao hata asilimia 20 haitoshi. Lakini ile ya Mumias South naijua, mwenyewe hana haraka.

---

Mthamini_254

Bei ya tangazo ya mwenye nyumba asiye na haraka ndiyo isiyotuambia mengi. Lakini wewe uko pale kila siku, nakubali unaweza kuwa karibu zaidi na ukweli kuliko mimi kwa mtaa huo.

---

Msafiri_Jogoo

Wiki tatu zimepita. Naleta mrejesho kwa sababu wengi mmeniandikia ndani.

Mthamini alirudi mwenyewe, safari hii na kijana mmoja wa kusaidia kupima. Nyumba ya pili ameiondoa na ameandika sababu. Badala yake ameleta nyingine ya safu inayofuata, iliuzwa 13.4 miezi mitatu iliyopita, haina vyumba vya nyuma, jikoni imefanywa upya kama yangu. Amesema amethibitisha bei kwa ajenti wa pande zote mbili. Ile ya tangazo ameiacha kwenye ripoti lakini ameandika kwamba ameitumia kama kipimo cha pembeni tu.

Sasa ripoti ina thamani mbili. Kwa dhana kwamba nyongeza ina kibali, milioni 13.9. Kwa hali ilivyo siku ya ukaguzi, bila kibali na shimo la maji taka likiwa ndani, milioni 13.3. Nilipiga hesabu nikaona ametoka wapi: ya safu yangu bila zile laki sita ni 13.2, na hiyo mpya ni 13.4 kama ilivyo, akakaa katikati. Vyumba vya nyuma hakuvipa kitu.

Benki imechukua 13.3. Kwa hiyo thamani imeshuka kuliko nilipoanza kulalamika, na mkopo ni milioni 10.64.

---

Karanja_Mjengo

Nilisema mimi! Pole sana. Laki tatu zimepotea kwa sababu ya kuuliza.

---

Msafiri_Jogoo

Ngoja nimalize, Karanja.

Nilimpelekea muuzaji kurasa mbili: ya nyumba za kulinganisha na ya dhana. Tulikaa naye sebuleni kwake, mkewe akaleta chai. Mzee alivaa miwani akasoma taratibu, kisha akanyamaza muda mrefu. Akaniambia wanunuzi wawili kabla yangu walikuwa na mkopo pia, wote waliondoka baada ya ripoti, na hakuna aliyewahi kumwonyesha kilichoandikwa. Alidhani wamepata nyumba nyingine.

Aliniuliza kama ile nyumba ya safu inayofuata kweli ilienda 13.4. Akampigia aliyeiuza mbele yangu, wanajuana kanisani. Jibu lilikuwa hilo hilo.

Tumekubaliana milioni 13.9. Mkopo ni 10.64, natakiwa kuleta 3.26. Nilikuwa na 3.1, laki moja na elfu sitini zilizobaki nimeongezewa na dada yangu. Ushuru wa stempu na wakili nilikuwa nimeziweka kando tangu mwanzo. Mkataba umetiwa saini Jumanne, na kile kifungu cha Wakili_Mdogo kimo.

---

Wakili_Mdogo

Hongera kaka. Na vyumba vya nyuma?

---

Msafiri_Jogoo

Chumba cha katikati kitabaki bila mpangaji. Yule mama anahamia cha pembeni mwisho wa mwezi, tumeshazungumza. Otieno, nikipata funguo nitakuita tuangalie kama tunaweza kubomoa kile cha katikati peke yake, mfuniko ukae wazi, hivi viwili vipelekwe kaunti kuombewa kibali. Sijui kama watakubali.

---

Otieno_Fundi

Nitakuja. Ila usipake rangi kwanza. Nataka niuone ukuta wa kati umeshikana vipi na hivyo viwili, maana mafundi wa awamu mbili mara nyingi hawafungi kona. Ukibomoa cha katikati huenda cha pembeni kikaja nacho.